Kifurushi cha Tano Kwenye Foleni

Mama wa mchungaji mpya alikaa kwenye benchi nje ya ukumbi kule Columbus tangu kabla ya adhuhuri, na mimi niliyekuwa msimamizi wa meza ya mapokezi nilipita mbele yake mara nyingi bila kumuuliza amemfuata nani. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Buffalo ili asimame kando ya mwanawe siku ya kuwekewa mikono. Mwanawe alikuwa upande wa pili wa mlango. Naanza na hilo usije ukadhani ninayoyaeleza ni habari za meza na orodha tu, ingawa meza na orodha ndizo zilizonifikisha pale.

Kazi yangu ya kila siku ni kupokea malori. Ghala liko Okolona, nami nakaa Beechmont, mitaa ya Louisville, na kutwa nzima nakaa nyuma ya kidirisha nikingoja madereva. Dereva mwenye miadi akiwahi, namwandika na kumpa namba ya mlango wa kushushia. Akichelewa kupita muda wa kuvumiliwa, nafasi yake imekwenda, atangoja upenyo. Asiye na miadi kabisa namwonyesha pa kuegesha, na akinieleza kwamba mkewe amejifungua au kwamba amemjua bosi wangu tangu utoto, natabasamu na kumwonyesha tena palepale. Nimetukanwa kwa lugha nyingi pale dirishani. Sikatai kwamba naipenda kazi hiyo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kanuni hunisaidia kuzifunga kamba.

Makanisa yetu, ya Warundi na ya Wakongo, hukutana mara moja kwa mwaka katika mji mmojawapo. Mwaka uliotangulia ule wa Columbus, mapokezi yalikuwa aibu. Watu waliingia kwa milango yote, wenye kujiandikisha wakakosa viti, wapishi wakakosa hesabu, na wenye jengo wakatishia kuzima taa kwa sababu tulizidi idadi iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya usalama wa moto. Wazee wa kanisa wakaulizana nani anayeweza kupanga watu. Mtu wa Louisville akasema kuna dada yetu anayepanga malori. Wakacheka, kisha wakanipigia simu.

Basi Jumamosi ile asubuhi niliwakusanya watu wa kujitolea kwenye ukumbi mdogo wa mbele, kila mmoja na kikombe cha chai na andazi mkononi, nikawapa maelekezo. Nilikuwa nimeyaandika nyumbani na kuyasoma mbele ya kioo, na nakiri nilijisikia mtu mkubwa.

Niliwaambia kutakuwa na milango miwili. Mlango wa upande, mabasi yanakoshusha watu, ni wa waliojiandikisha. Mlango wa mbele ni wa waliokuja bila kujiandikisha. Ukimwona mwenye jina kwenye orodha, unatia alama kwanza, ndipo unamfunga utepe wa buluu mkononi, wala usigeuze mpangilio huo, maana utepe ukitangulia alama, hesabu imepotea. Orodha hatukuipanga kwa majina ya ukoo. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, na karatasi za kuja Marekani zilichukua lolote zikaligeuza la ukoo, kwa hiyo baba, mama na watoto wao wanaweza kuwa na majina ya ukoo yasiyofanana hata kidogo. Tuliipanga kwa mji, kisha kwa kanisa, kisha kwa jina ambalo mtu huitwa na mama yake. Hilo lilikuwa wazo langu na lilifanya kazi vizuri.

"Jina lisipoonekana, usibishane," nikasema. "Mtu mmoja akibishana, watu thelathini nyuma yake wanasimama kwenye jua. Mpeleke kwenye meza ya pembeni. Huko nitakuwa mimi."

"Na waliochelewa?" akauliza kaka mmoja Mkenya, mfanyakazi wa nyumba ya wazee hapo Columbus, mtu mpole mwenye mabega mapana ambaye nilimpa mlango wa mbele. "Si utapata wengine wamekwama njiani?"

Nikamwambia ibada inaanza saa nane mchana. Viti vya waliojiandikisha tutavishikilia hadi saa nane na nusu. Baada ya hapo viti vitakavyobaki watapewa wasiojiandikisha, kwa kufuata namba. Namba tutazigawa mapema, kwa mkono, kuanzia mwanzo wa foleni kwenda nyuma. Idadi ya jengo ikitimia, tunafunga, na kutoka hapo anaingia mmoja akitoka mmoja. "Na sisi tunaofanya kazi tumo kwenye hesabu hiyo," nikaongeza. "Jengo haliulizi nani ana beji."

Yote hayo yalikuwa sahihi. Ningeulizwa leo ningeyasema vilevile. Lakini kisha nikanogewa. Nikawaambia kwamba watu wa kwetu hawapangi foleni, wanapanga undugu. Watawajia na kusema mimi ni shangazi wa mwimbaji, mimi ni binamu wa askofu, mimi ni mama wa fulani. "Mkiyasikiliza hayo tutalala hapa," nikasema. "Jibu ni moja, na mlitoe kwa tabasamu: hapa kila mtu ni mama wa mtu, foleni iko pale."

Walicheka sana. Kaka Mkenya akarudia neno kwa neno ili alishike. Nami nikacheka nao, maana mtu aliyezoea kutukanwa akichekewa utani wake hulewa.

Foleni ya mlango wa mbele ilianza mapema. Nilikuwa nimesimama karibu wakati mama mmoja aliyekuwa wa kwanza alipoanza kueleza kwamba binti yake anaimba, kwamba hawezi kungoja kama watu wengine. Kaka Mkenya alinitazama. Nikajibu mwenyewe, kwa sauti ya kusikika na wote, ile sentensi yangu ya kila mtu ni mama wa mtu. Foleni ikaangua kicheko, na yule mama naye akacheka akarudi mahali pake. Nikajipongeza moyoni.

Nilipopita tena baadaye kidogo kugawa namba, wa tano kwenye foleni hakuwa mtu. Alikuwa kifurushi. Kitenge cha rangi ya kahawia kimefungwa kwa mafundo mawili, kimewekwa sakafuni sawasawa mahali ambapo mtu angesimama, na nyuma yake wa sita amesimama bila manung'uniko.

"Dada, hii ni ya nani?" kaka Mkenya akaniuliza. "Tunaipea namba ama?"

Sasa nieleze kitu ambacho yeye hakukijua na mimi nilikijua. Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma. Pale bombani watu hawakupanga foleni, madumu ndiyo yaliyopanga. Ulikuja alfajiri, ukaweka dumu lako nyuma ya dumu la jirani, ukaenda kutafuta kuni au kumnyonyesha mtoto. Nafasi ilikuwa ya dumu, na hakuna aliyeigusa. Hata mtunza bomba alipohitaji kupafagia, aliyasogeza madumu ukutani na bado aliujua mpangilio wake, hili kwanza, lile la pili, na maji yalipotoka aliita wenyewe mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na dumu la njano lililokatika mpini. Mara nyingi nililiacha pale nikaenda shule, nikarudi nikalikuta limesogea mbele na nafasi yangu ipo. Nilikua nikijua kwamba watu ambao hata jina langu hawalijui wananitunzia mahali pangu.

Kwa hiyo nilipokiona kifurushi kile nilijua maana yake, na nilijua kina mwenyewe ambaye amekiacha akiwa na imani nasi. Ilinichukua muda mfupi sana kujua. Na nikasema, "Namba ni ya mtu aliyesimama. Mzigo hauimbi. Uweke pale ukutani usizibe njia."

Kaka Mkenya akakibeba kwa mikono miwili, kwa adabu, akakiweka ukutani chini ya benchi. Namba ya tano nikampa aliyekuwa wa sita.

Mwenye kifurushi alikuwa chooni. Alikuwa ameshuka kwenye basi la usiku na nguo zilizokunjamana, akaenda kunawa uso na kuvaa gauni lake la kitenge na kilemba, kama mama anavyopaswa kuvaa siku kama hiyo. Alipotoka alikuta mzigo wake ukutani. Hakushtuka. Alidhani ni kama bombani, kwamba tumesogeza madumu ili tufagie. Akakaa kwenye benchi juu ya mzigo wake, mikono mapajani, kungoja kuitwa kwa mpangilio.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilimwona tu kama mama aliyevaa vizuri. Nilimpita mara ya kwanza nikamwamkia. Mara ya pili nikamuuliza, "Mama, umeshahudumiwa?"

"Niko nangoja, mwanangu," akanijibu, na akatabasamu.

Nikapokea jibu hilo na kuendelea na safari yangu. Mtu anayengoja ni mtu aliyekwisha kuhudumiwa, ndivyo nilivyojiambia. Kusema kweli sikujiambia lolote. Nilikuwa nimefurahi kupata mtu mmoja asiyenidai kitu.

Ilipofika saa nane kiongozi wa kundi la Buffalo akapiga simu. Basi lao lilikuwa limepasua gurudumu njiani, karibu na Cleveland, lakini sasa walikuwa wanaingia mjini. Nikamwambia muda ni saa nane na nusu, sitaongeza hata dakika. Waliingia kwa mlango wa upande wakikimbia na sare zao zimepinda, dakika chache kabla ya muda, tukawatia alama na kuwafunga utepe wa buluu wote. Nilijivunia hilo pia. Wangepitia mlango wa mbele wangemwona jirani yao kwenye benchi, wangemkumbatia na kupiga kelele, na mambo yangekuwa mengine. Lakini milango ilikuwa miwili, na niliyeitenganisha ni mimi.

Saa nane na nusu tuliviachia viti vilivyobaki. Waliingia wenye namba za mwanzo, kumi na wawili. Kisha kaka Mkenya akanionyesha kidude alichohesabia watu, idadi ya jengo imetimia, nikaitikia kwa kichwa, tukafunga. Waliobaki wengine walikwenda kutazama ibada kwenye televisheni ya chumba cha watoto, wengine walienda nje kuota jua. Yule mama akabaki kwenye benchi.

Kwenye ukumbi wa mbele kulikuwa na spika, ili tunaofanya kazi tusikose neno. Tulisikia nyimbo, tukasikia mahubiri. Kisha tukasikia mwongozaji akisema kwamba sasa ni wakati wa kumwekea mikono mtumishi kijana wa Columbus. Akaomba wazazi wasogee mbele. Hakuna aliyesogea. Mwongozaji akasema, kwa sauti ya chini, kwamba baba alitangulia mbele za haki kule nyumbani, na mama hakupata ruhusa kazini huko Buffalo, na kwa hiyo mama mmoja wa kanisa atakuja kumsimamia.

Nilikuwa najumlisha karatasi. Niliinua kichwa kwa sababu benchi ililia. Yule mama alikuwa amesimama. Alikuwa ameelekea mlango uliofungwa, amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja chini, kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyepiga magoti. Midomo yake ilikuwa ikienda. Sauti ya spika iliomba, naye akaomba.

Nilimfikia sijui kwa hatua ngapi. "Mama," nikamwambia, "unamjua huyo mtumishi?"

Hakufungua macho. "Ni wangu," akasema. "Wa mwisho."

Nilimshika mkono nikamvuta hadi mlangoni, nikamwambia kaka Mkenya, "Mimi natoka kwenye hesabu, huyu anaingia." Mmoja atoke, mmoja aingie. Kanuni yangu mwenyewe. Kiti kilikuwepo tangu asubuhi, nacho kilikuwa changu, na mimi sikuwa hata nimekikalia.

Tulipofungua, watu walikuwa wanasema amina. Vigelegele vikapanda. Mbele kabisa niliona kijana aliyevaa suti nyeusi akiinuka kutoka magotini, na mama wa kanisa akimfuta uso kwa leso. Watu walijaa njiani na simu zao wakipiga picha. Nilitaka kumpitisha yule mama katikati yao kwa viwiko, lakini alisimama palepale nyuma, akanizuia kwa mkono.

"Wacha bamalize," akasema. "Siyo muzuri kuingilia watu."

"Mama, kwa nini hukusema? Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama anayepima jambo, kisha akageuza uso kwa mwanawe. "Bon, mwanangu," akasema, "ilishapita."

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alizaliwa siku hiyohiyo. Lakini siyo hapo pabaya zaidi. Pabaya zaidi palikuwa jioni, kwenye foleni ya chakula, ambako kijana alimwona mama yake. Watumishi waliokuwa wakisimikwa walikuwa wamefungiwa kwenye maombi tangu Ijumaa, simu zao zimekusanywa kwenye kapu, kwa hiyo hakujua kabisa kwamba mama yake alibadilishana zamu na mwenzake dakika za mwisho akapanda basi. Alimkumbatia akamwinua juu. Alilia, mtu mzima mwenye suti. Kisha akamuuliza, "Mama, ulikuwa wapi? Walikuita."

Nilikuwa nimesimama pale, karibu ya kugusana, na kile kidude cha kuhesabia, nilichokichukua kwa kaka Mkenya, kikiwa mkononi mwangu.

"Nilichelewa," mama akasema. "Basi ilichelewa. Unajua mambo ya basi."

Kijana akacheka huku analia, akamwambia, "Mama, hata leo?" Akageukia wenzake akasema mama yangu na kuchelewa, tangu zamani. Wakacheka kwa mapenzi. Na mimi nikanyamaza. Ulimi ulikuwa mdomoni na sikuutumia. Nilijiambia siyo mahali pake, nilijiambia mama mwenyewe amechagua kusema hivyo, nilijiambia mengi. Nilirudi Louisville usiku ule kwenye basi la kwaya yetu, wote wakinisifu kwamba haijawahi kutokea mapokezi mazuri kama yale, na kila sifa iliniingia kama mchanga ndani ya kiatu.

Mwaka mzima nilipokea malori na kanuni zangu zilezile. Lori haliachi furushi lake la kitenge likaenda kunawa uso. Wakati mwingine dereva asiye na miadi aliponieleza habari za mkewe, nilimsikiliza hadi mwisho kabla ya kumwonyesha pa kuegesha. Ni hilo tu. Sikugeuka malaika.

Mkutano uliofuata ulikuwa Buffalo. Wakaniomba tena, na nilikubali kwa sababu sikujua namna ya kukataa bila kueleza. Maelekezo niliyatoa kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la mtaa wa Lower West Side, jioni ya kuamkia mkutano. Walikuwa wamepanga viti mistari mitatu. Nikaweka karatasi zangu mezani, nikainua macho, na kwenye mstari wa mbele, katikati, alikuwa amekaa yule mama. Mkoba mapajani, kalamu mkononi. Alikuwa amejitolea.

Nilianza kusoma. Milango, orodha, alama kabla ya utepe. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilipofika kwa wasiojiandikisha, nilikuwa nimekwisha kuliruka lile neno langu, nimeligeuzia karatasi. Lakini dada mmoja wa Louisville, aliyekuwa nasi Columbus, akapaza sauti kwa furaha kutoka nyuma: "Na usisahau! Hapa kila mtu ni mama wa mtu!"

Chumba kikacheka. Mimi niliangalia mezani.

Yule mama hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alingoja wanyamaze, akainua kalamu kama mwanafunzi. "Ile maneno niliisikia kule Columbus," akasema. "Nilikuwa wa tano mu foleni. Nilitaka kusema, halafu nikasikia vile, nikajiambia, ni kweli. Kila mutu ni mama wa mutu. Donc, basi mimi niseme nini?" Akafikiri kidogo. "Sasa nauliza. Mutu akiacha muzigo yake mu foleni, kama tulifanya kwa bomba, mutamufanya namna gani?"

Wachache wenye umri wangu waliitikia kwa vichwa, maana walilijua bomba. Vijana walitazamana. Kwa hiyo alikuwa amesikia. Mwaka mzima nilidhani alinyamaza kwa upole wake, kumbe ni mimi niliyemnyamazisha, kwa utani, mbele ya watu.

"Mzigo nao utapewa namba," nikasema. "Na mtu mmoja atakaa nao hadi mwenyewe arudi. Na ukilazimika kuusogeza, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba nafasi yake ipo."

"Basi," akasema, akaandika. Kisha akasema tena, bila kuinua kichwa: "Niweke pale pa bale basiojiandikisha. Na wewe ukae karibu."

Kesho yake tulikaa meza moja, mlango wa mbele. Nilikuwa nimemfundisha aulize swali moja tu, umejiandikisha au hujajiandikisha. Yeye aliuliza lake. Kila aliyefika alimshika mkono, mkubwa kwa mdogo, akamuuliza, "Ulikuja kumuona nani?" Na watu wakajibu. Mmoja alikuja kumwona dada yake waliyeachana kambini. Mmoja hakuja kumwona mtu, alisikia nyimbo kutoka barabarani. Foleni ilienda polepole kiasi kwamba mguu wangu ulianza kucheza chini ya meza, lakini nilifunga mdomo, na nilipata kujua ni nani wa kumwahisha na nani anaweza kungoja, jambo ambalo orodha yangu haijawahi kunijulisha.

Kabla ya adhuhuri kundi la Columbus likafika, na mwanawe akaja mbele kumsalimu. Sasa alikuwa amenenepa kidogo, amezoea suti. Akamwinamia mama yake kwa heshima, kisha akajiinua akasema kwa sauti, akitutania sote, "Leo mama amewahi! Jamani, tumshukuru Mungu, leo mama amewahi!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akaanza kusema, "Eh, leo basi ilikuwa..."

"Hata mwaka jana aliwahi," nikasema.

Kijana akanigeukia.

"Alifika asubuhi. Alikuwa wa tano. Aliacha mzigo wake kwenye foleni akaenda kuvaa, nami nikauondoa, nikijua ni nafasi ya mtu. Alikuwa mlangoni walipokuita. Alikuwekea mikono kutoka nje."

Kijana alimtazama mama yake, na kicheko kilikuwa bado usoni mwake hakijapata pa kwenda. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza, siyo kwa nguvu. Kisha mwanawe akazunguka meza, akapiga magoti sakafuni kati ya viti vyetu viwili na suti yake yote, akainamisha kichwa. Foleni nzima ilikuwa inatazama, na ilikuwa imefika hadi barabarani.

Mama aliniangalia mimi kwanza. "Foleni iko nangoja," akasema.

"Itangoja," nikamwambia, nikainuka kuwazuia watu mlangoni.